Tovuti ni ya bure, mbona MB zimekatwa?

Lalamiko huwa lilelile: tangazo limesema tovuti ya masomo inafunguka bure, mtoto kasoma nusu saa, na bando limepungua. Mara nyingi hakuna aliyedanganya wala hakuna mtambo ulioharibika. Tatizo ni kwamba "bure" ya tangazo na "bure" ya mtambo unaohesabu data ni vitu viwili.

Mtambo huo uko kwenye kampuni ya simu. Haujui elimu ni nini wala burudani ni nini. Una orodha ya anwani, na data inapopita unaangalia inakwenda kwa nani au inatoka kwa nani. Anwani ikiwa kwenye orodha, hesabu ni sifuri. Isipokuwepo, inakatwa. Na kwa kuwa karibu tovuti zote siku hizi zinaanza na https, mtambo hauwezi kuona unasoma ukurasa gani. Kinachoonekana ni jina la tovuti linalotajwa mwanzoni mwa mawasiliano, pamoja na namba ya IP ya seva. Ukishika hilo, dalili nyingi zilizoko hapa chini zitajieleza zenyewe.

## "Simu inaonyesha nimetumia MB 80, na walisema ni bure"

Hii si hitilafu. Kihesabio kilichomo ndani ya simu, kile cha kwenye Settings kinachoorodhesha kila programu imekula kiasi gani, kinahesabu data yote iliyopita kwenye laini. Hakijui kampuni imekata nini na imeacha nini. Kipimo cha kuamini ni salio la bando lenyewe, unalolisoma kwenye menyu ya mtandao wako au kwenye programu yao.

Hata hilo salio lina tabia zake. Mtambo haukati kila kilobaiti papo hapo. Unachukua kipande cha data kutoka kwenye bando lako, unakitenga, unakitumia mpaka kiishe, kisha unachukua kingine. Ukiangalia salio katikati ya matumizi unaweza kuona limeshuka kuliko ulichotumia, au halijashuka kabisa. Zima data kwanza, subiri dakika chache, ndipo uangalie. Watu wengi wanaosema "nimepima, wananiibia" wamepima data ikiwa imewashwa, huku simu nzima nyuma ya pazia ikisasisha programu na kupakua picha za makundi ya WhatsApp.

## "Maandishi ni bure, lakini nikicheza video bando linakatika"

Hapa ndipo penye malalamiko mengi, kwa hiyo tukae kidogo.

Ukurasa mmoja wa tovuti hautoki sehemu moja. Maandishi yanaweza kutoka kwenye seva ya tovuti yenyewe, mwandiko unaoyapamba, yaani fonti, ukatoka Google, kihesabu cha wageni kikatoka kwingine, na video ikawa imewekwa YouTube kisha ikabandikwa pale katikati ya somo. Kwa macho yako ni ukurasa mmoja wenye anwani moja juu. Kwa mtambo ni mazungumzo kadhaa na seva kadhaa.

Chukua mwanafunzi wa kidato cha tatu anayetumia simu ya mama yake. Bando lina MB 500. Anafungua tovuti ya masomo iliyotangazwa kuwa ya bure, anasoma maelezo ya somo la biolojia yenye michoro, anazima data. Salio ni MB 499. Anawasha tena, anabonyeza video ya dakika kumi ya mada ileile, ubora wa 360p. Salio linarudi MB 452. Kisha anabonyeza maandishi ya "Pakua maswali ya marudio", linashuka faili la PDF. Salio ni MB 446. Mama anaona zimekwenda MB 54 kwenye tovuti ya bure, na ana haki ya kukasirika.

Sasa ukifungua ukurasa uleule kwenye kompyuta, ukabonyeza F12, ukaenda kwenye Network, ukaupakia ukurasa upya, ukaicheza video na kuangalia safu ya Domain (isipoonekana, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya vichwa vya safu, uichague), utakuta orodha ya namna hii:

```
masomo.example
fonts.gstatic.com
www.google-analytics.com
www.youtube.com
rr3---sn-xxxx.googlevideo.com
```

Hapo `masomo.example` imesimama badala ya jina la tovuti yenyewe. Ni hiyo tu iliyo kwenye orodha ya kampuni ya simu. Ile MB moja iliyokatika wakati wa kusoma ni mwandiko, kihesabu cha wageni na kichezeshi cha YouTube kinachosubiri kubonyezwa. Zile 47 zilizofuata zimetoka googlevideo.com, mahali YouTube inapohifadhi video zake. MB 6 za mwisho ni lile faili la PDF, ambalo mwalimu aliliweka Google Drive kisha akaweka kiungo tu kwenye tovuti.

Watu huuliza: kwa nini kampuni isiongeze na YouTube kwenye orodha, angalau kwa video za masomo? Jibu liko kwenye kile nilichosema mwanzo. Video ya biolojia na video ya mechi ya jana zinatoka kwenye anwani za aina moja, zimefungwa kwa https ileile. Mtambo hauna namna ya kuzitenganisha. Kampuni ikiiruhusu moja imeziruhusu zote, na ni vigumu kampuni kuachia YouTube nzima bure.

Kwa hiyo dawa haiko kwenye simu yako. Iko kwa mwenye tovuti: video aiweke kwenye seva yake, chini ya jina lilelile lililosajiliwa, na faili za PDF vivyo hivyo. Wewe unachoweza kufanya ni kuzoea dalili. Ukiona video ina alama ya YouTube pembeni, au kiungo kinakupeleka kwenye ukurasa wenye jina jingine kule juu, umeshatoka nje ya bure. Wikipedia Zero, mpango wa kufungua Wikipedia bila kukatwa data ulioanza 2012 na kufungwa 2018, ulikuwa na adabu kwenye jambo hili. Ulipobonyeza kiungo cha nje ulipata onyo kwanza kwamba unaweza kutozwa. Tovuti nyingi za leo hazionyi.

## "Facebook ya bure inafunguka lakini picha hazionekani"

Imekusudiwa hivyo. Facebook ya bure ni ya maandishi. Picha na video zinakuja ukikubali kutumia data, na kitufe cha kukubali kimekaa mahali pa kubonyezwa kwa bahati mbaya. Ukishakibonyeza umehama kwenda matumizi ya kawaida hata kama ukurasa unafanana na ule wa mwanzo, kwa hiyo angalia maandishi ya juu yanayokwambia uko upande gani.

Free Basics ya Facebook, mkusanyiko wa tovuti za bure ulioingia Tanzania Oktoba 2014 kupitia Tigo ikiwa bado inaitwa Internet.org, ilikuwa na utaratibu mkali zaidi: tovuti iliyotaka kuingia haikuruhusiwa kuwa na video, simu za intaneti wala picha nzito. Wengi waliona ni uonevu. India iliikataa kabisa Februari 2016, mdhibiti wa mawasiliano wa huko alipopiga marufuku bei tofauti kwa maudhui tofauti. Lakini kwa mtumiaji aliyetaka kujua kipi kinakatwa na kipi hakikatwi, ule ukali ulikuwa na faida. Kilichofunguka humo ndani kilikuwa bure, basi.

## "Nina bando la WhatsApp, ila nikipiga simu linakatwa bando la kawaida"

Kwanza, bando la WhatsApp si huduma ya bure. Umelilipia, lina kikomo cha MB au cha muda, na likiisha linahamia kwenye bando jingine au kwenye salio la kawaida. Lakini kuna sababu nyingine ya kiufundi ambayo wauzaji wa mabando hawaielezi.

Ujumbe, picha na sauti unazotuma vinapita kwenye seva za WhatsApp, ambazo anwani zake zinajulikana na ziko kwenye orodha. Kupiga simu ni tofauti. Mara nyingi WhatsApp huunganisha simu yako na ya mwenzako moja kwa moja ili sauti isichelewe. Mtambo ukiangalia, unaona data inakwenda kwenye namba ya IP ya mtu fulani aliyeko Mwanza au Muscat, si kwenye seva ya WhatsApp. Mtambo unaotegemea orodha ya anwani peke yake hauwezi kuitambua hiyo kama WhatsApp. Ipo mitambo inayotambua simu za WhatsApp kwa namna data yake inavyotembea, na mingine haipati kila mara. Na baadhi ya makampuni yanaandika wazi kwenye masharti kwamba simu hazimo, bila kujali mtambo unaweza nini.

Unaweza kujaribu hivi: ndani ya WhatsApp nenda Settings, kisha Privacy, kisha Advanced, uwashe Protect IP address in calls. Hapo simu zitapitishwa kwenye seva za WhatsApp. Ubora unaweza kushuka kidogo, na kama masharti ya bando yanakataza simu haitasaidia kitu. Lakini kama shida ilikuwa ni utambuzi, utaona tofauti kwenye salio.

Mambo mengine mawili ya WhatsApp yanayokula nje ya bando lake. Kiungo unachotumiwa kwenye kundi, ukikibonyeza, kinafungua tovuti nyingine kabisa, na hiyo inalipiwa kivyake. Na nakala ya mazungumzo inayohifadhiwa usiku kwenye Android inakwenda Google Drive, si WhatsApp. Mtu mwenye makundi mengi na video nyingi anaweza kuamka asubuhi bando la kawaida limeyeyuka. Kwenye Settings, Chats, Chat backup, weka ihifadhi kwa Wi-Fi tu.

## "Kwa jirani ni bure, kwangu inakatwa yote, hata maandishi"

Kama mnatumia mtandao mmoja wa simu na tovuti ileile, tofauti iko kwenye simu yako. Angalia kwa mpangilio huu, kwa sababu wa kwanza ndio mkosaji mara nyingi kuliko wengine wote.

VPN. Ukiiwasha, kila kitu kinapita ndani ya bomba moja kwenda kwenye seva ya VPN, na mtambo unaona seva hiyo tu. Jina la tovuti ya masomo limefichwa humo ndani, na bure yake imefichwa pamoja nalo. Kuna watu waliweka VPN siku mtandao fulani wa kijamii ulipofungwa, wakasahau, na inajiwasha yenyewe kila simu inapowashwa. Alama ya ufunguo mdogo juu ya skrini ndiyo inayokuonyesha.

Kivinjari. Opera Mini ikiwa kwenye hali ya kubana data inapitisha kurasa kwenye seva za Opera kwanza. Kwa bando la kawaida inakuokolea MB. Kwa tovuti ya bure inakuharibia, kwa sababu anwani inayoonekana ni ya Opera. Fungua tovuti hiyo kwa Chrome ya kawaida. Kwenye iPhone kitu kinachofanana na hicho ni Private Relay, kwa anayelipia iCloud+.

Laini. Simu ya laini mbili inaweza kuwa inatumia data ya laini ambayo mtandao wake hauna makubaliano na tovuti hiyo. Hili linawapata sana watu wanaobadilisha laini kufuata bando la bei nafuu.

Programu badala ya tovuti. Tovuti kuwa bure hakuifanyi programu yake ya Play Store kuwa bure. Programu mara nyingi huwasiliana na seva yenye jina tofauti na la tovuti, na kuipakua kwenyewe ni data ya Google.

Ukiwa nje ya nchi kwa roaming, usitegemee bure yoyote ya nyumbani.

## "Bando limeisha, na tovuti ya bure haifunguki"

Kuna huduma zinazotaka laini iwe na salio kidogo au bando lililo hai ndipo zifunguke, na hilo liko kwenye masharti. Kama masharti hayasemi hivyo, basi kinachokwama ni zile anwani nyingine. Bando likiisha na salio halipo, kila kisicho kwenye orodha kinazuiwa, na ukurasa uliojengwa vibaya unaweza kusubiri mwandiko wa Google mpaka uchoke. Kuingia kwa akaunti ya Google au Facebook nako kunakwama, kwa sababu ukurasa wa kuingilia ni wa Google au Facebook. Ukipewa nafasi, jisajili kwa namba ya simu au jina na nywila ya tovuti yenyewe.

Hali hii, ingawa inaudhi, ndiyo kipimo safi kuliko vyote. Laini isiyo na bando wala salio haina cha kukatwa, kwa hiyo chochote kinachofunguka ni bure kweli. Ila fungua kwa Incognito, kwani Chrome huhifadhi kurasa za jana na inaweza kukuonyesha picha iliyomo ndani ya simu ukadhani imetoka mtandaoni.

Hatari iko pale bando linapoisha na salio la kawaida lipo. Video ileile ya MB 47 iliyokuwa inakula bando sasa inakula shilingi, kwa bei ya nje ya bando ambayo ni kubwa zaidi kwa kila MB. Ingia kwenye menyu ya mtandao wako utafute sehemu ya kuzuia matumizi ya data nje ya bando, uizuie kabla hujampa mtoto simu.

## Kupima kabla ya kulalamika

Washa Data Saver ili programu za nyuma zisichafue hesabu, na hakikisha kivinjari unachopimia kimeruhusiwa. Zima VPN. Zima data, subiri, piga picha ya skrini ya salio. Washa data, fungua ukurasa mmoja tu wa tovuti ya bure kwa Incognito, usibonyeze video wala kiungo, usome mpaka mwisho. Zima data, subiri tena, piga picha ya salio. Rudia kwa video peke yake.

Kama maandishi peke yake yamekata zaidi ya MB moja au mbili, una hoja dhidi ya kampuni ya simu. Inawezekana tovuti imehamia seva mpya na orodha yao bado ina namba ya IP ya zamani. Hili hutokea, na huduma kwa wateja hawawezi kulijua mpaka mtu awaambie. Watumie picha mbili za salio zenye saa, anwani kamili ya ukurasa, saa uliyofungua na aina ya simu. Sema wazi kwamba VPN ilikuwa imezimwa, maana ndilo swali la kwanza watakalokuuliza. Wasipokujibu, kwa Tanzania lalamiko linapelekwa TCRA, mdhibiti wa mawasiliano, nao watataka uthibitisho kwamba ulianza kwa kampuni yenyewe, kwa hiyo tunza namba ya lalamiko uliyopewa.

Kama kilichokata ni video au PDF, barua iende kwa mwenye tovuti. Mwandikie majina ya seva uliyoyakuta kwenye ile safu ya Domain na umwombe ahamishie mafaili kwake. PDF ya MB 6 ni kazi ya dakika chache kuihamisha. Video zitamgharimu nafasi kwenye seva, kwa hiyo usishangae akianza na PDF.